Msimbo haukufika: nilivyopata mahali meseji ilipokwama

Nilikuwa naingia upya kwenye akaunti ya barua pepe, nikaambiwa msimbo wa tarakimu 6 umetumwa kwa meseji. Dakika tatu zikapita, simu kimya. Alama ya mtandao ilikuwa imejaa na kurasa za intaneti zilifunguka vizuri.

Hapa ndipo wengi hubonyeza "tuma tena" mara tano mfululizo. Mimi sikubonyeza hata mara moja, na nakusihi nawe ujizuie. Kwenye huduma nyingi msimbo mpya unaufuta ule uliotangulia, kwa hiyo meseji zikija baadaye zote kwa pamoja, unaweza kuandika msimbo wa kwanza kuuona na kuambiwa umekosea, kumbe ulio hai ni wa mwisho kuombwa. Tena huduma huhesabu maombi. Ukizidisha, zinaacha kukutumia kwa muda, wakati mwingine saa kadhaa, na si zote zinazokwambia wazi kwamba zimeacha. Unabaki unahangaika na simu ambayo huenda haina kosa tena.

Nilichotaka kujua kwanza ni meseji imekwama wapi. Msimbo hautoki kwenye tovuti moja kwa moja hadi mfukoni mwako. Huduma huukabidhi kwa kampuni inayosambaza meseji kwa wingi, ambayo huupeleka kwenye kituo cha meseji. Kituo hicho kinauliza mtandao wa laini yako: namba hii iko wapi sasa hivi? Kikijibiwa, meseji inasukumwa hadi kwenye simu, simu inajibu kwamba imeipokea, ndipo programu ya meseji inakuonyesha au inaiweka mahali usipopatazama. Kwa hiyo yamkini haikutoka kabisa, au mtandao haukuipata simu, au simu iliikataa ama iliificha.

Jaribio moja hupunguza sana mahali pa kutafuta: omba mtu akutumie meseji ya kawaida. Neno "kawaida" lina uzito. Simu janja nyingi siku hizi hugeuza meseji kuwa gumzo linalopita kwenye intaneti, iwe RCS kwenye Android au iMessage kwenye iPhone. Gumzo likifika, halijathibitisha lolote kuhusu njia inayotumiwa na msimbo. Nilitafuta mtu mwenye simu ndogo ya vitufe, kwa sababu hiyo hutuma SMS halisi. Ukikosa, mwenye simu janja azime RCS au iMessage kwenye mipangilio yake kwanza, ndipo atume.

Yangu haikufika. Akajaribu kunipigia, akasikia kwamba namba haipatikani, ilhali simu ilikuwa mkononi mwangu inafungua kurasa. Kuanzia hapo niliacha kuilaumu huduma ya barua pepe.

Jambo hili huwachanganya watu sana: simu inawezaje kuwa na intaneti na isipokee meseji? Sababu ni kwamba kwenye 4G, data ina usajili wake, na sauti na meseji zina usajili mwingine. Simu inaweza kufanikiwa kwa data na kushindwa kwa sauti, na alama ya mtandao juu ya skrini isibadilike. Meseji ya SMS haitumii kifurushi cha data, hivyo kununua kifurushi kingine au kuunganisha waifai hakusaidii lolote hapa, isipokuwa kama kampuni yako inaruhusu kupiga simu kupitia waifai na umeiwasha huduma hiyo.

Kwenye simu nyingi za Android unaweza kuliona tatizo hili kwa macho. Fungua sehemu ya kupigia simu, andika:

```
*#*#4636#*#*
```

Ukurasa hujifungua wenyewe ukimaliza nyota ya mwisho, bila kubonyeza kitufe cha kupiga. Chagua Phone information, kisha shuka hadi uone Voice service na Data service. Kwangu, Data service ilisema In Service na Voice service ikasema Out of Service. Baadhi ya watengenezaji wa simu wameufunga ukurasa huu, na kwenye iPhone haupo. Huko kipimo ni kile cha kupigiwa: ikiwa intaneti inafanya kazi lakini anayekupigia kwa simu ya kawaida, si kwa WhatsApp, anaambiwa hupatikani, dalili ni hiyohiyo. Ila kwa mwenye laini mbili, hakikisha kwanza hauongei kwenye laini ya pili. Simu nyingi za laini mbili zikiwa kwenye maongezi ya laini moja, ile nyingine haipatikani mpaka umalize.

Dawa ya kwanza ni kuilazimisha simu ijisajili upya. Niliwasha hali ya ndegeni, nikahesabu sekunde 30, nikaizima. Nasema 30 kwa sababu ukiwasha na kuzima papo hapo, simu inaweza kuwa haijaaga mtandao vizuri. Kwangu hilo halikutosha, Voice service ilibaki vilevile. Nikaenda kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, kwenye aina ya mtandao unaopendelewa, nikachagua 3G badala ya 4G. Haikupita dakika moja, simu ikalia mara mbili: meseji ya majaribio, kisha msimbo wangu.

Meseji hizo hazikuwa zimepotea. Kituo kikishindwa kukupata, huitunza meseji na kujaribu tena, na kila kinaposhindwa hungoja muda mrefu zaidi. Simu ikionekana tena, mtandao hukiarifu kituo, nacho hutoa kilichokuwa kinasubiri, mradi meseji haijapita muda uliowekwa na mtumaji. Ndiyo maana misimbo ya jana inaweza kumiminika leo asubuhi ukiwasha simu. Msimbo wangu ulikuja ukiwa na dakika 14, na misimbo mingi huishi dakika 5 au 10 tu. Sikuujaribu. Nikaomba mpya, mmoja, ukafika baada ya sekunde chache.

Lakini kukaa kwenye 3G si tiba, na kuna mahali mitandao ya 2G na 3G imekwisha kuzimwa. Niliporudi 4G, sauti ikakatika tena. Chanzo kikaonekana kwenye mipangilio ileile: swichi ya VoLTE, yaani sauti kupitia 4G, ilikuwa imezimwa kwenye laini hiyo. Nikaiwasha, nikazima simu na kuiwasha tena, Voice service ikasema In Service na meseji za majaribio zikaanza kuingia nikiwa kwenye 4G. Kama swichi hiyo haipo kabisa, inawezekana simu au laini yako haijaruhusiwa kutumia VoLTE na kampuni yako. Waulize, na uulize pia kama laini ya zamani inahitaji kubadilishwa.

Kuna ushauri mmoja unaozunguka sana ambao hupotezea watu muda, nao ni kubadilisha namba ya kituo cha meseji kwenye simu. Namba ile hutumika kutuma tu. Anayekutumia msimbo hupitia kituo chake mwenyewe, hakijui wala hakihitaji namba iliyoandikwa kwenye simu yako. Ukiikosea, utaongeza tatizo: sasa hata kutuma hutaweza.

Ikiwa kupigiwa kunakubali lakini meseji ya majaribio haiingii, angalia nafasi ya kuhifadhi. Android ikikaribia kujaa hukataa meseji zinazoingia na kuujulisha mtandao kwamba haina nafasi. Onyo huwa ni dogo na ni rahisi kulipita. Mimi huhakikisha GB 1 iko wazi. Kufuta video moja ndefu huwa kunatosha, na hapo washa na uzime hali ya ndegeni ili meseji zilizongoja zije.

Je, meseji ya majaribio ikifika vizuri, msimbo pekee ndio haufiki? Basi mtandao na simu vinafanya kazi, na ukaguzi unahamia kwingine. Kwanza namba yenyewe. Huduma huonyesha tarakimu mbili au tatu za mwisho. Zisome kwa makini, kwa maana akaunti nyingi bado zimeshika namba ya laini iliyotupwa zamani. Ukiwa unaandika namba upya, kwa nchi nyingi sifuri ya mwanzo huondolewa baada ya namba ya utambulisho wa nchi.

Kisha tazama mahali pa kuficha. Kwenye programu ya meseji ya Google, gusa menyu au picha yako, ufungue Spam & blocked. Msimbo hutoka kwa jina au namba fupi, na mara nyingine huchukuliwa kama tangazo. Kwenye iPhone, kama umewasha kuchuja wasiojulikana, fungua orodha ya Unknown Senders. Tazama pia namba ulizozuia. Ukikumbuka kuwa uliwahi kujibu STOP kwa namba fupi ili matangazo yakome, huenda ulizima na misimbo inayotoka namba hiyohiyo. Katika huduma nyingi kutuma START kwa namba hiyo hurudisha.

Aliyehamisha namba yake kutoka kampuni moja kwenda nyingine ana sababu ya ziada. Watu watampata vizuri, lakini msambazaji wa misimbo anaweza kuwa bado anaielekeza namba hiyo kwa kampuni ya zamani mpaka kumbukumbu zake zisahihishwe. Hakuna kitu cha kugusa kwenye simu kitakachoharakisha hilo. Chagua kupigiwa simu au kutumiwa msimbo kwa njia nyingine iliyo kwenye ukurasa.

Ukifika kwa kampuni ya simu, usiseme tu "meseji haziji". Waambie saa na dakika ulipoomba msimbo, jina la mtumaji kama unalijua kutoka meseji za zamani, na kwamba meseji za watu binafsi zinaingia. Waulize kama kuna zuio la meseji zinazotumwa na kampuni kwenye laini yako. Msimbo wenyewe usiwatajie, hata wakiuomba.

Na kuna hali moja isiyosubiri majaribio yote haya. Ikiwa laini imepoteza mtandao ghafla, kupiga hakuwezekani hata baada ya kuwasha simu upya, na wengine wa kampuni hiyohiyo mlipo wana mtandao, huenda mtu amebadilishiwa laini yako na misimbo inaingia kwake. Azima simu ya mtu mwingine saa hiyohiyo, piga kampuni yako wafunge laini, kisha piga benki.