Neno moja kwenye picha ya shangazi

Jana mwanangu alikuwa anachezea simu yangu, anapekua mapicha ya zamani, akaniletea moja akauliza, mama hii kitochi ya nani? Nikaiangalia nikanyamaza. Ile picha sijaifuta mpaka leo.

Ni kitochi ya shangazi. Alikuwa sokoni kwenye meza yake ya dagaa, akamwomba kijana wa meza ya jirani apige picha meseji kwa simu yake kubwa na anitumie wasapu. Chini yake maneno matatu tu, hii ni salama? Mimi nilikuwa kazini, niliiona saa sita hivi.

Picha yenyewe imekaa upande, kidole gumba cha shangazi kimeshika pembeni na magamba ya dagaa yamemganda kwenye kucha. Nikaivuta ikawa kubwa nikaanza kusoma:

"HONGERA mteja namba yako imeshinda Tsh 3.500.00/= droo ya wateja bora. Kamilisha ada iliyobaki Tsh 45,000 kwa namba hii kabla ya saa 8 mchana leo zawadi isirudi. Usimwambie mtu kwa usalama wako. HUDUMA KWA WATEJA"

Kitu cha kwanza nilichotafuta ni juu kabisa, nani katuma, maana meseji za kampuni huwa zinakuja na jina la kampuni na hapa kulikuwa na namba ya kawaida ya tarakimu kumi, kama yangu na yako. Huwa siishii hapo lakini, kwa sababu wapo wanaompigia mtu kwanza wanamwambia aisevu ile namba kwa jina la kampuni, ukija kuangalia picha unaona jina zuri tu. Ndio maana nikaingia kwenye maneno yenyewe. Hela ya zawadi imeandikwa nukta na sifuri haziko sawa, huwezi kujua ni milioni tatu na nusu au ni nini, jina lake halipo popote, anaitwa mteja tu, halafu wanampa masaa machache na wanamkataza asiseme. Na kubwa kuliko yote, aliyeshinda ndiye anaambiwa atoe hela.

Nikawa tayari naandika, shangazi hao ni matapeli futa. Nikarudi kusoma mara ya pili ili niwe na uhakika, ndipo nikaliona lile neno. Iliyobaki.

Ada iliyobaki. Kama kuna iliyobaki basi kuna iliyokwisha kwenda. Mikono ililegea jamani. Nikalitazama lile neno, nikatazama kile kidole chenye magamba, nikaelewa kwamba shangazi hakuwa ananiuliza kama aanze kutuma, alikuwa anauliza kama alichofanya asubuhi kilikuwa salama, na hakuweza kulisema.

Nikafuta nilichoandika nikapiga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, umeiona?"

"Nimeiona. Shangazi, umeshawatumia kiasi gani?"

Akakaa kimya. Nasikia watu wa sokoni wanapiga kelele za bei, yeye kimya. Halafu akasema, elfu thelathini. Akasema kabla hajaweka namba ya siri lilitokea jina la mwanaume, yeye akadhani ndiye mfanyakazi wao. Lile jina ndilo lilikuwa la kumsimamisha, maana ada ya kampuni haiingii kwenye laini ya mtu binafsi.

Yaliyofuata yalienda haraka. Nikamwambia apige 100 hapo hapo awaeleze wazuie, wakamjibu ile hela imeshatolewa. Nikamwambia asiifute ile meseji kwa sababu picha niliyonayo mimi haisaidii kitu kwenye kuripoti, lazima meseji yenyewe itoke kwenye simu iliyoipokea kwenda 15040, halafu akiulizwa namba ya tapeli aiandike. Yule kijana ndiye aliyemsaidia kuifowadi. Elfu arobaini na tano haikwenda, hiyo tuliiokoa.

Toka siku ile shangazi akipata meseji haielewi ananitumia picha. Kila ikija nalitafuta kwanza neno kama lile, iliyobaki, awamu ya pili, malizia. Ila nikilipata sijui bado namuulizaje. Siku ile nilivyomuuliza kiasi gani nilihisi nimemvua nguo mbele za watu, na nisingemuuliza, ule muda mchache wa kupiga 100 ungepita bure hata kama hela ingekuwa bado ipo.

Nilitaka kumrudishia ile thelathini akakataa, akasema binamu zako wasijue tu. Hawajui mpaka leo. Mwanangu nimemwambia ni kitochi ya bibi yako, akaniuliza mbona umeipiga picha hivyo, nikamwambia nenda kanawe tule.