Seli tupu iliyogeuka kijani: jinsi nilivyotengeneza jedwali la taa kwa ajili ya bodi yetu ya maji

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandaa taarifa ya kila mwezi ya bodi katika kampuni ya maji ya kaunti moja hapa Kenya. Taarifa hiyo ilikuwa na kurasa nyingi za tarakimu, na wajumbe waliomba wapewe ukurasa mmoja wenye rangi za taa za barabarani, ili waone kwa haraka mahali panapohitaji mjadala. Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuifikisha mahali ambapo ningeweza kuitetea mbele yao, na sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda kwenye swali moja: seli ipewe rangi gani wakati takwimu haipo, au ipo nusu?

Mipaka yenyewe haikunisumbua sana, kwa kuwa WASREB, inayodhibiti huduma za maji nchini, ina viwango ambavyo hupimia kampuni zote. Upotevu wa maji, yaani sehemu ya maji yaliyozalishwa ambayo haikuingia katika ankara ya mteja yeyote, huhesabiwa kuwa mzuri ukiwa chini ya asilimia 20, hukubalika kati ya 20 na 25, na haukubaliki ukizidi 25. Tulivichukua viwango hivyo kama vilivyo. Bodi ikapitisha azimio, likaandikwa katika kumbukumbu za kikao kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai, kwamba mpaka hautaguswa katikati ya mwaka, na kwamba rangi itatolewa kwa tarakimu kamili kabla desimali zake hazijapunguzwa kwa ajili ya kuonyeshwa. Jambo hili la mwisho linaonekana dogo, lakini 25.04 huandikwa 25.0 kwenye ukurasa, na mjumbe makini atauliza kwa nini ni nyekundu. Heri jibu liwe limeandikwa mapema.

Tatizo lilijitokeza mwezi wa Aprili. Tuna vyanzo vitatu, na kila kimoja kina mita kubwa kwenye bomba la kutokea. Tuviite A, B na C. Mita ya kisima C iliharibika baada ya siku 11, na kwa siku 19 zilizobaki hakuna kilichoandikwa, ingawa pampu iliendelea kusukuma maji kama kawaida. Mimi nilijumlisha kilichokuwapo. A na B zilikuwa na mita za ujazo 175,000, na C ilikuwa na 9,000 za zile siku 11, jumla 184,000. Maji yaliyotozwa yalikuwa 148,000. Tofauti ya 36,000 ikigawanywa kwa 184,000 inatoa asilimia 19.6, na jedwali likawaka kijani kwa mara ya kwanza tangu nilianzishe. Bodi ilifurahi, nami nilifurahi nayo.

Siku chache baadaye nilikwenda kisimani kwa shughuli nyingine, mhudumu wa pampu akanifungulia daftari lake. Lilikuwa daftari la kawaida la shule, lenye mistari iliyopigwa kwa rula, na kila siku ameandika saa ya kuwasha na saa ya kuzima. Nilijumlisha nikiwa nimesimama pale pale mlangoni. Katika siku 11 za mwanzo pampu ilifanya kazi saa 180, na mita ilisoma 9,000, maana yake mita za ujazo 50 kwa saa. Katika siku 19 zilizofuata ilifanya kazi saa 320, kwa hiyo maji 16,000 yalikuwa yameingia kwenye mtandao bila kuhesabiwa. Uzalishaji halisi ulikuwa karibu 200,000, na upotevu ulikuwa 52,000 kati ya hizo, yaani asilimia 26. Tulikuwa kwenye nyekundu.

Hapo ndipo nilipoelewa hatari ya kiashiria cha aina hii. Mita ya uzalishaji ikikosekana, upotevu unaonekana kupungua, hivyo uharibifu wa vifaa unageuka kuwa sifa kwa menejimenti. Niliporudi ofisini nilichunguza pia fomula ya Excel niliyokuwa nikiitumia, nikakuta kasoro ya pili. Seli iliyoachwa tupu Excel huilinganisha kama sifuri, na sifuri iko chini ya 20, kwa hiyo inatoka kijani. Seli iliyoandikwa kistari au neno lolote huhesabiwa kubwa kuliko nambari zote, kwa hiyo inatoka nyekundu. Rangi ilitegemea mazoea ya karani aliyejaza fomu.

Niliiomba bodi ikubali rangi ya nne, kijivu, pamoja na kanuni ya takwimu zinazokosekana. Kila chanzo lazima kiwe na usomaji wa angalau siku 9 katika kila 10 za mwezi. Nilisisitiza kila chanzo, kwa sababu wastani wa vyanzo vyote ungeificha C nyuma ya ukubwa wa A. Chanzo kimoja kikipungukiwa, kiashiria ni kijivu na tarakimu haionyeshwi. Makadirio yanaruhusiwa kwa njia moja tu iliyoandikwa, nayo ni saa za daftari la pampu mara kasi iliyopimwa na mita hiyo hiyo ilipokuwa nzima. Yakitumika, seli hubeba herufi K, na inaweza kuwa manjano au nyekundu, lakini kamwe haiwi kijani. Kijivu kikidumu mwezi wa pili mfululizo, kinahesabiwa nyekundu.

Fomula ya mwezi mmoja mmoja, isiyoangalia mwezi uliotangulia, sasa ni hii, ambapo B2 ni uwiano wa siku zilizosomwa katika chanzo kilicho nyuma kuliko vyote, C2 ni upotevu, na D2 ina herufi K panapokuwa na makadirio:

```
=IF(NOT(ISNUMBER(C2)),"KIJIVU",
 IF(AND(B2<0.9,D2<>"K"),"KIJIVU",
 IF(C2>0.25,"NYEKUNDU",
 IF(OR(C2>=0.2,D2="K"),"MANJANO","KIJANI"))))
```

Kikao cha kupitisha kanuni hiyo hakikuwa chepesi, kwa kuwa ilinibidi nianze kwa kusahihisha kijani cha Aprili. Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, aliuliza, "Mwanangu, kwa nini tuadhibiwe nyekundu kwa jambo tusilolijua?" Nilimjibu, "Mwalimu, mwezi wa kwanza hatuadhibiwi, tunasema tu kwamba hatujui. Mwezi wa pili tunakuwa tumejua kwamba mita haijatengenezwa." Mwenyekiti aliomba jibu hilo liandikwe katika kumbukumbu, kisha akauliza bei ya mita mpya. Ilinunuliwa katika robo iliyofuata.

Upande wa ankara bado haujakaa sawa. Msomaji wa mita asipofungua geti la mteja, mfumo hutoza kwa wastani wa miezi iliyopita, na maji hayo ya kubuni huongeza kiasi kilichotozwa na kupunguza upotevu bila mtu yeyote kuziba bomba. Nimeongeza mstari unaoonyesha sehemu ya ankara zilizokadiriwa, lakini bodi haijakubaliana ni kiwango gani kinatosha kuigeuza seli ya upotevu kuwa kijivu. Mpaka watakapoamua, mstari huo hauna rangi yoyote, na tarakimu yake nimeiweka kando kabisa ya seli ya upotevu, kwa herufi za ukubwa ule ule.