Nilivyotenganisha kasi ya kusoma na kuelewa kinachosomwa

Katika darasa la pili ninalolifundisha, ufasaha wa kusoma kwa sauti hupimwa kwa hadithi fupi ya maneno 60 hivi, mtoto akisoma na mwalimu akiwa ameshika saa. Neno lililokosewa hupigwa mstari, neno linalomkwamisha mtoto kwa sekunde 3 huhesabiwa kuwa kosa kisha huambiwa aendelee, na dakika inapokwisha huwekwa alama mahali alipofikia. Baada ya hapo huulizwa maswali 5 kuhusu hadithi hiyo. Kwa ujumla wanaosoma maneno mengi kwa dakika ndio pia hujibu maswali mengi, na sababu yake inaeleweka: mtoto anayehangaika kuunga silabi hufika mwisho wa sentensi akiwa amekwisha kusahau mwanzo wake, kwa kuwa akili yote imetumika kwenye herufi.

Hata hivyo, uhusiano huo ulinitatiza nilipotazama namna maswali yanavyoulizwa. Kwa kawaida mtoto huulizwa maswali ya sehemu aliyoisoma tu. Aliyefika neno la 25 huulizwa maswali 2, na yaliyobaki huandikiwa sifuri, ilhali aliyemaliza huulizwa yote 5. Kwa hiyo sehemu ya uhusiano tunaouona kati ya kasi na ufahamu inatokana na upimaji wenyewe, wala si na kichwa cha mtoto. Niliamua kwamba baada ya kuweka alama ya dakika ningemwacha kila mtoto amalize hadithi bila kuharakishwa, kisha nimuulize maswali yote. Nikaongeza na jambo la pili: siku nyingine nilimsomea mwenyewe hadithi ya kiwango kilekile, naye akasikiliza tu na kujibu maswali 5.

Kipimo hicho cha kusikiliza ndicho kilichonifungua macho. Philip Gough na William Tunmer walieleza mwaka 1986 kwamba kuelewa maandishi ni zao la mambo mawili, yaani kuyatambua maneno yaliyoandikwa na kuielewa lugha inaposikika. Kwa kuwa mambo hayo huzidishwa wala hayajumlishwi, moja likiwa sifuri, lingine haliwezi kuliokoa. Kumsomea mtoto humwondolea kazi ya kutambua maneno, na kinachobaki ni uelewa wake wa lugha.

Nichukue watoto wawili. Binti mmoja alisoma maneno 24 sahihi kwa dakika, akikata silabi moja moja: a-li-po-fi-ka. Alipoachwa amalize alijibu maswali 2, lakini nilipomsomea alijibu 4. Lugha anayo, mzigo wake ni maandishi. Mvulana aliyekaa jirani naye alimaliza hadithi ya maneno 62 kwa sekunde 48, akakosea manne, na ukizidisha maneno 58 kwa 60 kisha ukagawanya kwa 48 unapata maneno 72 na nusu kwa dakika. Alijibu swali 1 tu. Nilipomsomea, alijibu 4 kama mwenzake. Kwa kipimo cha kasi pekee, mvulana huyu hana tatizo lolote, na hapo ndipo ilinibidi niache kuhesabu makosa yake na kuanza kuyatazama.

Katika hadithi yake mlikuwa na sentensi hizi: «Mama alimwambia Asha kwamba dada asiporudi mapema, yeye ndiye atakayefunga madirisha. Giza lilipoingia, Asha alifunga madirisha yote.» Mvulana alisoma «aliporudi» badala ya «asiporudi», akapita bila kusita. Nilipomuuliza kwa nini Asha ndiye aliyefunga madirisha, alijibu kwa uhakika kabisa: «Kwa sababu dada alirudi.» Herufi moja imebadilika, kosa moja limehesabiwa kati ya maneno 62, na kisa kizima kimepinduka. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati, mtendwa na ukanushi ndani ya neno moja, na vipande hivyo vidogo ndivyo ambavyo msomaji wa haraka huvibahatisha kwa kutazama umbo la jumla la neno. Ndiyo maana pia siamini kulinganisha maneno kwa dakika ya Kiswahili na ya lugha yenye maneno mafupi: «atakayefunga» ni neno moja, lakini lina silabi sita na maana ya kutosha sentensi nzima.

Dawa zao hazikuweza kuwa moja. Binti nilimpa usomaji wa kurudia: kifungu kifupi kilekile, nikikisoma kwanza mimi huku akifuatisha kwa kidole, kisha tukikisoma pamoja, kisha peke yake, hadi maneno yatoke mazima. Tulitumia muda mwingi kwenye vitenzi, tukivikata kwa vipande vyenye maana badala ya silabi tupu, na kwenye miunganiko kama mbw, ngw na nyw iliyokuwa ikimkwamisha kila mara. Kwake kasi ilipopanda, majibu nayo yalipanda, jambo ambalo ndilo tungelitarajia kwa mtoto aliyekuwa akizuiwa na maandishi.

Kwa mvulana niliificha saa. Nilichora vistari vyepesi vya penseli kila mahali ambapo msemaji angetua, naye akasoma kwa vifungu: «Mama alimwambia Asha / kwamba dada asiporudi mapema / yeye ndiye atakayefunga madirisha.» Kwenye kila kistari niliweza kumsimamisha na kumuuliza nani anafanya nini, na je, jambo limetokea au halijatokea. Alikuwa huru kurudi kwenye maandishi kutafuta jibu, na nilimtaka aniguse kwa kidole neno linalomthibitishia. Baadaye nilivifuta vistari ili atafute mwenyewe mahali pa kutua.

Dalili ya kwanza ya mabadiliko haikuwa kwenye majibu, bali kwenye sauti. Kiimbo kilianza kupanda kwenye alama ya kuuliza na kutulia kwenye nukta. Kisha akaanza kujisahihisha: anasoma neno, anafika mbele, anagundua kwamba sentensi haileti maana, anarudi. Kujisahihisha huhesabiwa kuwa neno sahihi lakini hula sekunde, kwa hiyo nilipompima tena kwa saa alishuka hadi maneno 61 kwa dakika na akajibu maswali 4. Mtu aliyesoma tarakimu za kasi peke yake angeandika kwamba mtoto amerudi nyuma, na ninaona ni jambo la kusikitisha kwamba mwalimu anaweza kushinikizwa aizuie hatua hiyo hasa.

Wapo watoto wa aina ya tatu, ambao hata wakisomewa hawajibu zaidi ya swali 1, na wengi wao hawazungumzi nyumbani lugha ya kitabu. Kwao vistari havikusaidia chochote, na usomaji wa kurudia uliongeza kasi bila kuongeza ufahamu. Hao mimi huwasimulia hadithi kwa mdomo kwanza, nao wakaisimulia, kisha tukaigiza vitenzi vyake hadi waweze kutofautisha «alimpa» na «alipewa» kwa masikio, na maandishi ya hadithi hiyohiyo huja baada ya hapo. Katika daftari langu, kando ya maneno kwa dakika na majibu ya kusoma, kila mtoto sasa ana safu ya majibu ya kusikiliza, nayo ndiyo ninayoitazama kwanza ninapopanga nani aketi na nani.