Bei Tatu za Mabati

Mwaka huo nilikuwa mtunza stoo na mnunuzi wa zahanati ndogo ya jumuiya yetu pale Ujiji. Paa la wodi ya wazazi lilikuwa limeoza kwa kutu, na ilikuwa Agosti. Kigoma mvua hazichelewi sana baada ya Septemba kwisha, kwa hiyo nilitaka mabati yawe yamepigwa kabla ya hapo.

Nikaandika barua pepe kwa wauzaji watatu, wawili wa Dar es Salaam na mmoja wa Mwanza. Nakumbuka maneno yake yote kwa sababu yalikuwa mstari mmoja tu: "Naomba bei ya mabati ya rangi, geji 28, vipande 240." Anwani zao zote nikaziweka pamoja, kila mmoja akamwona mwenzake.

Majibu yalikuja ndani ya siku mbili. Wa kwanza alisema 31,000 kwa kipande. Wa pili 39,500. Wa tatu hakutaja kipande kabisa, alisema 13,200 kwa mita. Nikayapeleka kwenye kamati, na mwenyekiti wetu, mzee mstaafu wa reli, akamshika yule wa 31,000 mara moja. "Mwanangu, hapa pana nini cha kujadili?" Nami nilikuwa karibu kukubali.

Kilichonizuia ni mstari mdogo chini ya profoma yake: bei bila VAT, mzigo uchukuliwe ghalani Dar. Nikakaa na kikokotoo mbele ya wazee. Vipande 240 kwa 31,000 ni 7,440,000. Ongeza asilimia 18 ya kodi, inakuwa 8,779,200. Lori la kuleta mpaka Ujiji nilikuwa nimeambiwa 1,300,000. Jumla inapita milioni 10. Yule wa 39,500 alikuwa ameweka kodi na usafiri ndani, na jumla yake ilikuwa 9,480,000. Wa mita, kwa bati la mita 3, alifika 9,504,000, ila alikuwa anashushia stesheni ya Kigoma, na bei yake ilikuwa inakufa baada ya siku 7. Kamati yetu ilikutana mara moja kwa mwezi.

Mzee akanyamaza, kisha akauliza swali lililoniuma zaidi: "Na hayo mabati yenyewe ni yale yale?"

Sikujua. Nikaenda kwa fundi bati mmoja karibu na soko la Mwanga, nikamkuta na mikrometa mfukoni. Alichukua vipande viwili kutoka kwenye lundo, vyote vimegongwa muhuri wa geji 28, akavibana kimoja kimoja ukingoni. Kimoja kilisoma 0.40, kingine 0.35. "Geji ni jina, shemeji," alisema. "Omba milimita. Na uliza bati likishapandana na mwenzake linafunika upana gani, maana hapo ndipo unapoibiwa paa."

Usiku ule niliandika upya, safari hii anwani zote zikiwa kwenye BCC. Sehemu ya katikati ilikuwa hivi:

"Mabati ya rangi ya migongo, bluu, vipande 240, kila kimoja urefu wa mita 3. Unene usiopungua milimita 0.40, ukipimwa pamoja na rangi. Taja upana unaofunika baada ya kupandana. Bei iwe kwa kipande, kwa shilingi, VAT ikiwemo, pamoja na usafiri na kushusha mzigo zahanatini Ujiji. Bei idumu siku 45 tangu tarehe ya mwisho ya kupokea majibu. Taja siku za kuleta mzigo baada ya oda. Tutapima unene kabla ya kusaini mapokezi."

Nikaweka pia siku na saa ya mwisho, moja kwa wote. Kesho yake wa Mwanza alipiga simu kuuliza kama misumari imo. Nilimjibu kuwa haimo, halafu nikawaandikia wote watatu jibu lile lile, maana mmoja angeiweka na mwingine asingeiweka, tungerudi kule kule.

Majibu ya pili yalisomeka upande kwa upande. Yule wa 39,500 alipanda hadi 43,000. Mwenyewe aliandika kwamba bei ya mwanzo ilikuwa ya bati la 0.35. Yule wa 31,000 alifika 42,500. Wa mita ndiye aliyekuwa chini kuliko wote, 40,800, na upana wa kufunika haukupishana na wa wenzake. Mzee alipitisha kidole kwenye safu ile ya bei mara mbili, akasaini.

Lori liliingia wiki ya mwisho ya Septemba. Nilimwita fundi na mikrometa yake. Tulichomoa bati kumi sehemu mbalimbali za lundo, juu, katikati na chini, na dereva akingoja kivulini. La kumi lilipobanwa na kusoma 0.40 kama mengine, nikamwomba kalamu.