Rangi za Krismasi kwenye sebule iliyojaa maua

Makochi yangu ni ya rangi ya damu ya mzee, yenye majani makubwa ya dhahabu iliyofifia. Mapazia ni ya krimu, yamejaa maua ya kijani cha chupa na hiyo hiyo damu ya mzee. Sikuwa na mpango wa kuyabadilisha, na nayapenda, kwa hiyo mapambo ya Krismasi ndiyo yalipaswa kuyafuata.

Nilianza kwa kutazama rangi zilizomo tayari. Damu ya mzee imetawala chumba, nikaiacha: ukiirudia kwenye mti, mti unamezwa na makochi. Nikachagua ile inayojitokeza kidogo kidogo, dhahabu iliyofifia, iwe rangi kuu ya mapambo, na krimu ya kupumzisha macho. Kijani mti wenyewe unacho. Nyekundu kali ya Krismasi sikuigusa kabisa, kwa sababu ikikaa karibu na damu ya mzee, kochi linaonekana kama limepauka kwa kufuliwa.

Kariakoo nilikwenda na kipande cha pazia kilichobaki kwa fundi. Dhahabu za dukani hazifanani: ipo ya njano kali, na ipo inayoelekea kahawia. Chini ya taa nyeupe za duka sikuona tofauti, nikaomba nizitazame nje.

"Mama, dhahabu ni dhahabu," kijana wa duka akacheka.

Juani, ile ya njano ilipiga kelele kando ya kitambaa, na ya pili ikatulia kama imetoka kwenye jora moja nacho. Nikachukua hiyo.

Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni mng'ao. Mpira wa kuning'iniza unaong'aa ni kioo: ukiusogeza karibu na pazia, utaona maua yote yamejikunja ndani yake, na hapo umeongeza maua juu ya maua. Kwa hiyo upande wa mti unaotazama mapazia niliweka mipira isiyong'aa, na ya kung'aa michache nikaielekeza ukutani. Yote ni ya rangi moja moja, haina michoro wala chembe za kumetameta. Mti wenyewe uliondoka dirishani, ukasimama mbele ya ukuta mtupu ambako umbo lake linaonekana.

Vitambaa vya makochi vilivyofumwa kwa rangi nyingi niliviweka kabatini hadi Januari, nikatandika vyeupe vya kawaida. Mama mkwe alinung'unika, maana alivifuma yeye, lakini vilikuwa vinaleta rangi nyingine tatu.

Taa nilichagua za mwanga wa njano, zisizowaka na kuzima. Zile nyeupe zenye ubuluu zinaifanya dhahabu iliyofifia ionekane kama majivu. Kasoro ya hizi za njano ni kwamba usiku kijani cha chupa kwenye mapazia kinakaribia weusi, kwa hiyo wageni wakija huwa nawasha pia taa ya mezani iliyo karibu na dirisha.