Ajira mbili, kodi ya 30%: nilivyodai kilichozidi

Mwaka 2024 nilikuwa na waajiri wawili Tanzania Bara. Wa kwanza alinikata PAYE kwa ngazi za kawaida. Wa pili alikata 30% tangu shilingi ya kwanza, na hakukosea: mwajiri wa pili haruhusiwi kukupa tena ile 270,000 ya mwezi isiyotozwa kodi, kwa sababu wa kwanza ameshaitumia.

Kabla ya kudai chochote, tazama mshahara wa ajira yako kuu. Ukizidi 1,000,000 kwa mwezi baada ya kutoa mchango wa NSSF, tayari umefika ngazi ya 30%, kwa hiyo ile 30% ya ajira ya pili ni kodi yako halali na hakuna cha kurudishiwa. Wengi hawaliangalii hili, wanahangaika bure. Kinachozidi hupatikana pale mshahara wa ajira kuu unapokuwa chini ya hapo.

Wangu ulikuwa 600,000. Ukitoa NSSF ya 10% inabaki 540,000, na kodi yake ni 24,000: yaani 20,000 ya ngazi ya 8%, na 20% ya zile 20,000 zilizovuka 520,000. Ajira ya pili ilinilipa 300,000. Baada ya NSSF ni 270,000, na 30% yake ni 81,000. Jumla nilikatwa 105,000 kwa mwezi.

Sasa unganisha: 540,000 na 270,000 ni 810,000. Kodi yake ni 68,000 kujumlisha 25% ya 50,000, yaani 80,500. Zimezidi 24,500 kila mwezi, 294,000 kwa mwaka. Kama ajira ya pili ilianza katikati ya mwaka, usizidishe kwa 12 kiholela. Jumlisha mapato halisi ya mwaka mzima, kisha tumia ngazi za mwaka.

Mwenye mwajiri mmoja tu kwa kawaida hana haja ya ritani yake binafsi. Mwenye wawili anayo, na mwisho ni tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Januari niliomba kila mwajiri cheti cha kodi aliyokata, nikakilinganisha na hati za mshahara mwezi kwa mwezi. Kwenye ritani niliingiza mapato yote mawili, halafu kodi zote mbili kama kodi iliyokwishalipwa. Ukiingiza mapato ukasahau kodi ya wa pili, utajikuta unadaiwa.

Kilichonikwamisha ni TIN. Mwajiri wa pili alikuwa amekosea tarakimu moja kwenye ritani zake za PAYE, kwa hiyo ile 81,000 ya kila mwezi haikuonekana kwangu. Mhasibu wake alilazimika kurekebisha ritani za miezi yote, maana cheti peke yake hakikutosha. Baada ya hapo ndipo nikaandika ombi la marejesho, nikiambatisha vyeti viwili, hati za mshahara na ukurasa mmoja wa hesabu hiyo hapo juu.