Udi, au harufu ya udi?

Tangu Jumamosi nimekuwa nikilijibu upya swali ambalo nilikwisha kulijibu, na nililijibu vibaya. Wiki hii wifi yangu ameolewa Mkoani, nyumba imelaza wageni ishirini na wawili, na umeme umekatika mara mbili. Lakini nikibaki peke yangu, ninachokisikia ni sauti ya yule somo aliyekuja kumpamba bibi harusi.

Alikuja Wete siku mbili kabla ya harusi kuangalia manukato. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi mbele ya meza yangu ya vichupa, akachagua kile cha mililita 3 nilichokiandika "Udi" kwa herufi za dhahabu. Aliipitisha gololi ya mdomo wa kichupa nyuma ya kiganja mara moja tu, akaacha mkono utulie, tukazungumza habari za watoto. Kisha akanusa.

"Mwanangu, hii ni udi, au ni harufu ya udi?"

"Ni udi, Bi Mkubwa."

"Bei gani?"

"Elfu nne."

Alitabasamu, akanusa tena. "Nzuri. Nipe viwili. Lakini andika kilichomo."

Laiti angekirudisha kichupa, ningejitetea. Alilipa shilingi 8,000 taslimu, akaniombea baraka, akaondoka, na mimi nikabaki na neno "ni udi" mdomoni.

Kwa sababu si udi, na nilijua. Mafuta halisi ya udi hutoka katika utomvu mzito ambao miti ya Aquilaria ya Asia huutengeneza ndani ya shina baada ya kujeruhiwa na kuingiwa na kuvu. Si kila mti unao, na tangu mwaka 2005 miti yote ya jamii hiyo imo katika orodha ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara yake. Mafuta ya namna hiyo hayawezi kuwamo ndani ya kichupa cha shilingi 4,000. Nilichonunua mjini Unguja ni mafuta yaliyochanganywa kiwandani yakafanana na udi, na muuzaji aliniambia hivyo bila kuficha. Mimi ndiye niliyelifupisha jina nilipofika kwenye lebo. Na yule mama, aliyefukiza udi kwenye vyetezo vya maharusi tangu sijazaliwa, alihitaji kunusa mara mbili na kuuliza bei.

Jumapili usiku nilijipaka kwenye kifundo cha mkono, nikanusa papo hapo, baada ya saa moja, na tena kabla ya kulala. Udi halisi niliowahi kuunusa kwa shangazi huanza mkali, karibu na harufu ya zizi, kisha hulainika na kuingia utamu kadiri saa zinavyokwenda. Wangu ulianza na mti mkavu na ukaishia na mti mkavu. Ni harufu nzuri, nami bado naipenda, lakini ni harufu isiyosafiri. Jaribio hilo halithibitishi kilichomo, maana mchanganyiko uliotengenezwa kwa ustadi unaweza kumdanganya hata mzoefu. Ndiyo maana lebo yangu ilipaswa kusema nilichokijua.

Bei nayo ilinirudisha kwenye daftari. Nilipochanganya, nilipima kwa gramu kwenye mizani ndogo, kwa kuwa tone la mafuta mazito halilingani na tone la mafuta mepesi. Gramu 15 za yale mafuta ya udi wa kiwandani, 0.4 za langilangi, 0.3 za mafuta ya karafuu, na gramu 44.3 za mafuta ya nazi yaliyochujwa yale yasiyoganda wala kuwa na harufu. Jumla ni gramu 60. Karafuu ninaipenda mno, na ningependa iwe nyingi zaidi, ila mafuta yake huwasha ngozi, kwa hiyo siivuki nusu ya asilimia moja. Baada ya hapo niliuacha mchanganyiko kabatini gizani wiki tatu, hata ule ukali wa langilangi ukaingia ndani.

Mafuta yote yalinigharimu shilingi 37,000. Vichupa 20 vilikuwa 18,000, lebo 4,000, na vifuko vya kitambaa 6,000. Jumla 65,000. Niligawanya kwa 20, nikapata 3,250, nikaona nikiuza 4,000 nina faida. Hesabu hiyo ilikuwa na tundu. Kichupa kimoja ni cha kujaribishia wateja, na kimoja nimekiweka kabatini chenye tarehe, ili mtu akilalamika nilinganishe. Vya kuuza ni 18, na gharama ya kila kimoja ni 3,611. Dukani kwa binamu yangu hukatwa 500 kwa kila kichupa kinachouzwa. Basi kila kichupa alichoniuzia kilinipunguzia shilingi 111, na mimi nilikuwa nikimshukuru kwa kasi ya mauzo.

Kinachokula fedha katika vichupa vidogo ni chupa na mavazi yake: 28,000 katika 65,000. Chupa ya mililita 6 hunigharimu 1,000, mia moja tu zaidi ya ile ndogo, na lebo na kifuko ni vilevile. Kwa hiyo nimeamua: mililita 3 kwa 7,000, na mililita 6 kwa 10,000. Nilikuwa nikiogopa bei hiyo kwa sababu niliiona ni ya juu kwa kitu kisicho udi. Sasa ninaona kwamba ni neno "udi" ndilo lililokuwa likinitisha. Mchanganyiko wenyewe, ukitajwa kwa jina lake, unaistahili.

Jumatatu nilizibandua lebo zote zilizobaki kwa maji ya moto, na mkono wangu ukawa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Mpya zinasema hivi: "Mchanganyiko wa mafuta wenye harufu ya udi. Harufu ya udi imetengenezwa kiwandani. Hauna mafuta halisi ya udi. Una langilangi na karafuu. Hauna spiriti. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko. Huacha doa kwenye nguo nyeupe." Nimeyafuta pia maneno "hudumu siku nzima". Tuliyapima sisi watatu, mimi, mama na wifi: kwenye ngozi ni kama muda wa saa tano, kwenye kanga ni hadi asubuhi ya pili. Nimeandika hivyohivyo.

Mchana wa jana nilimpelekea somo kichupa kimoja chenye lebo mpya, bila kudai kitu. Aliisoma polepole akiisogeza mbali na macho, akakitia mkobani.

"Sasa nitaweza kumwambia mtu," alisema.

Leo nimeosha vichupa vipya vya mililita 6 na kuvipanga juani vifudifudi, maana tone moja la maji likibaki ndani mafuta huingia ukungu. Nikijaza, nitavilaza juu ya karatasi ya choo usiku kucha; gololi isiyoketi sawasawa huacha duara la mafuta, na bora nilione mimi kuliko mkoba wa mteja. Lakini nilipokuwa nikisuuza, maji yalinirukia mdomoni, nayo yana chumvi. Kisima chetu hakijawahi kuwa na chumvi. Nimemwita mama akayaonja, akanyamaza, akaenda kuonja ya jirani.